Herufi Zinazopita Chini

Shemeji yangu alikuja dukani kwangu mara ya kwanza kunigombeza. Nasema shemeji kwa maana ya dada mkubwa wa mke wangu. Alikuwa amestaafu ualimu juma lile lile, baada ya miaka thelathini na moja ya kuwafundisha watoto wa darasa la kwanza kushika penseli, na mke wangu alikuwa amemtuma aniletee chakula cha mchana. Akaweka bakuli mezani, akasimama mbele ya ubao ninapobandika vielelezo vya mihuri yangu, akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Shemeji," akasema, "hii S yako ina kitambi."

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilimwambia S ile imekuwa ukutani miaka saba na hakuna mteja aliyewahi kuilalamikia. Akajibu kwamba wateja ni watu wenye adabu. Kisha akachukua penseli yangu bila kuomba, akaandika S nyingine nyuma ya risiti, polepole, na hapo nikaona. Ile yangu ilikuwa na kitambi kweli. Nililiona hilo kwa uchungu, nikala chakula changu kimya.

Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Leo ni mwaka wa tisa. Amewekewa meza yake dirishani, na watu wa mtaani wamempa jina la Mwandiko, ingawa mbele yake wanamwita mwalimu.

Kazi yenyewe si kubwa. Siku nyingi nachonga mihuri ya mpira ya ofisi: IMELIPWA, IMEPOKELEWA, nakala halisi. Lakini msimu wa harusi ukifika huja watu wanaotaka monogramu, yaani herufi za kwanza za majina yao zikifumwa pamoja ziwe kitu kimoja, za kuchapwa juu ya kadi ya mwaliko, na baadhi yao hutaka na muhuri wa shaba wa kugandamizia lakiri, ile nta ya kufungia barua, kwenye bahasha. Kabla ya Mwandiko kuja, nilikuwa nazipanga herufi mbili ubavu kwa ubavu, naweka ua katikati, basi. Ua lilificha mengi.

Yeye hana haja na maua. Wateja wakikaa, anampa kila mmoja kipande cha karatasi na kumwambia aandike herufi yake ya kwanza mara kumi. Wanacheka, wanaandika. Anasema mtu hawezi kujificha ndani ya herufi hiyo kwa sababu ameiandika tangu ana miaka sita. Kisha anauliza maswali ambayo mimi sikuwahi kuyafikiria. Wakiwa na herufi tatu, ipi ni ya ukoo? Kwa maana ya ukoo ndiyo hukaa katikati na kuwa kubwa kuliko nyingine, na asiyejua mtindo huo ataisoma kwa mfuatano na kumpa mtu jina la mwingine. Wakiwa na mbili, nani atangulie? Kadi itatumwa kabla ya ndoa au ni ya kutumia nyumbani baadaye? Mwanasheria mmoja alitaka herufi zake tatu ziwe sawa kwa sawa na zote ziwe kubwa. Mwandiko akamwambia, "Baba, kwenye basi lenye usukani mmoja, watatu hawawezi wote kuwa madereva." Yule bwana akakubali.

Akishachora, huanza kufuta. Mstari ukiweza kuondoka na herufi ikabaki, unaondoka. Anaupunguza mchoro mpaka uwe sawa na ukucha wa dole gumba, anaubandika ukutani, anarudi nyuma hatua sita na kufinya macho. Tundu la A likiwa dogo mno, lakiri italiziba na A itageuka kuwa pembe ya ng'ombe. Mistari miwili ikikaribiana mno, itaungana. Haya yote nilipaswa kuyajua mimi. Nayajua sasa, na nina furaha kusema nani alinifundisha.

Ana tabia moja ambayo ndiyo iliyozaa kisa hiki. Anachora kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba ya kunakilia, ile inayopitisha mwanga. Akimaliza upande wa mbele, anaigeuza na kuitazama kwa nyuma, kwa sababu herufi ikigeuzwa jicho halisomi tena, linaona umbo tu, na kasoro hujitokeza. Akiona kasoro, huirekebisha hapo hapo, kwa nyuma, akiipitia mistari yote upya kwa penseli. Kwa hiyo karatasi zake huja kwangu zikiwa na penseli pande zote mbili. Ili nisichanganye, huweka msalaba mdogo kwenye kona ya upande wa mbele.

Mimi napaka shaba rangi nyeupe nyepesi, nailaza karatasi kifudifudi, msalaba ukiwa chini, nasugua mgongo wake kwa kijiko, na penseli inahamia kwenye shaba ikiwa imegeuka kushoto kulia. Ndivyo inavyotakiwa. Muhuri huchongwa kinyume ili lakiri isome sawasawa. Kama herufi ni K au R, ukikosea utajua papo hapo, maana unaiona K inakutazama vizuri wakati ilipaswa kukupa mgongo.

Sasa, mwaka huu, wiki tatu kabla ya harusi yake, akaja binti mmoja mkunga na mchumba wake. Mchumba ni fundi wa majokofu, mtu mnene, mpole, aliyekaa kwenye kiti changu cha wateja kwa uangalifu kama anayekionea huruma. Binti akatoa mfukoni kitambaa, akakifungua. Ndani mlikuwa na muhuri wa shaba, wa zamani, wenye mpini wa mbao ulioiva kwa kushikwa.

"Wa baba," akasema. "Alikuwa akiwaandikia watu barua. Wasiojua kuandika. Akimaliza anaifunga na kupiga huu."

Nikauweka chini ya lenzi. Uso wake ulikuwa umelika mpaka hakuna cha kusomeka, michirizi miwili mitatu tu kama njia za mchwa. Nikaupima unene. Ulikuwa umeshapigwa tupa zamani, na si mara moja. Shaba iliyobaki juu ya shingo ya muhuri ilikuwa nyembamba.

"Baba alifariki mwaka jana," binti akaendelea. "Kadi inaandikwa 'wazazi wanakualika', na yeye hayupo wa kualika. Nikasema, tukichonga herufi zetu kwenye muhuri wake na kufungia bahasha zote, basi naye atakuwa amealika. Inawezekana, fundi?"

"Inawezekana," nikasema. "Lakini mara moja tu. Nikishausawazisha uso huu, hautapigwa tupa tena. Utaisha."

"Mara moja inatosha," akasema, akaniamini. Hilo ndilo lililoniuma baadaye, jinsi alivyoniamini upesi.

Mwandiko akawapa karatasi zao. A ya binti ilikuwa imetanua miguu, imesimama imara kama mtu anayesukuma gari bovu. M ya yule mnene, ajabu, ilikuwa ndefu na nyembamba. Binti aliomba kitu kimoja: A itangulie, ikae kushoto. Hakueleza kwa nini, na bwana harusi akasema yeye hana neno, popote atakapowekwa ataenea. Kadi zingechapwa duka la jirani baada ya muhuri kukamilika, ili mchoro uwe ule ule. Bahasha zilipaswa kutoka Jumamosi.

Mwandiko alichukua siku nne. Siku nne kwa herufi mbili! Mguu wa kulia wa A ulipaswa kuvuka mguu wa kushoto wa M, na yeye alikuwa akitafuta pa kuvukia. Jumatano asubuhi nikashindwa kuvumilia. Nilimwambia shaba haichongwi kwa kutazamwa. Akasema kitu cha mara moja hakifanyiwi haraka. Nikasema, na natamani nisingesema, "Shemeji, hapa si darasani. Wewe si mwalimu tena."

Akaweka karatasi mezani kwangu, akachukua mkoba wake, akaenda nyumbani. Kawaida tunautazama mchoro pamoja kwenye kioo changu kidogo cha kunyolea kabla sijagusa shaba. Siku hiyo kioo kilibaki kwenye msumari.

Hasira hasara, wahenga hawakukosea. Karatasi ilikuwa kubwa kuliko uso wa muhuri, ikawa inajikunja, nikachukua mkasi nikaikata pembe zote nne kwa nguvu kama aliyenikosea ni karatasi. Msalaba ukaenda na pembe. Kisha nikailaza nilivyoilaza. Nikasugua, penseli ikahama, nikaona A nzuri na M nzuri. Ungekuwa wewe ungeona nini kingine? A ukiigeuza ni A. M ukiigeuza ni M. Hakukuwa na K ya kunipa mgongo.

Nilichonga siku mbili. Nilikuwa nagandamiza udongo laini, ule wa kuchezea watoto, ili nione kina cha kila mstari, lakini nilitazama kwa lenzi, herufi moja moja, na kila herufi ilikuwa safi. Kwa kweli ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Hata nilipiga mluzi.

Ijumaa asubuhi Mwandiko akarudi, akanisalimia kwa heshima, ile heshima baridi inayokera. Nikataka kumfurahisha. Nikayeyusha lakiri, nikaitonesha kwenye karatasi, nikaupaka muhuri mafuta kidogo usigande, nikagandamiza, nikainua.

Alitazama muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji. Mbona M imetangulia?"

Nikatazama. M ilikuwa kushoto. A kulia. Nikautazama muhuri, nikaitazama lakiri, nikautazama tena muhuri, kana kwamba mojawapo ingebadili mawazo. Nikakaa.

Niliyajua yote kwa mara moja. Shaba iliyoondoka hairudi, na uso ule haukuwa na unene wa kupigwa tupa nyingine. Ningeweza kumchongea binti muhuri mpya kwa mikono yangu na bila malipo, na usingekuwa na maana yoyote, kwa sababu baba yake hakuushika. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia Mwandiko habari ya mkasi, na pembe, na kwamba kosa ni langu peke yangu. Nilitegemea aniambie "nilikuambia". Alikuwa na haki hiyo, na kwa desturi ya kwetu nyumbani haki hiyo hudaiwa.

Badala yake akauliza, "Unaweza kuongeza mistari?"

"Kuongeza naweza. Kuondoa ndiyo siwezi."

"Nyembamba kiasi gani?"

"Nusu ya hii. Nikishika pumzi."

Akavuta kiti. Akaichukua ile lakiri, akainakili kwenye karatasi mpya: M kushoto, A kulia. Kisha akachukua mchoro wake wa kwanza, ulio sahihi, akauweka juu yake. A ikaangukia juu ya M, na M ikaangukia juu ya A. Ilikuwa fujo tupu, uzio uliogongwa na lori. Nikataka kusema hivyo, nikajizuia, na mke wangu nilipomsimulia hakuamini kwamba nilijizuia.

Mwandiko akafuta, akachora, akafuta. Akageuza karatasi, akatazama kwa nyuma. Ilipokaribia saa nne akaniita.

"Tazama hapa. Herufi zako zimeshachongwa, haziwezi kukatika. Basi hizo ziwe juu. Herufi mpya zipite chini. Kila mstari mpya ukifika kwenye wa zamani, usimame kabla haujaugusa, uache nafasi ya unywele, uruke, uendelee ng'ambo ya pili. Jicho litaona umepita chini yake, kama utepe."

Nikaona. Kushoto, A mpya ilikuwa imepita chini ya M. Kulia, M mpya ilikuwa imepita chini ya A. Herufi nne, mbili kwa mbili, na ukiikunja katikati upande mmoja unalala juu ya mwingine. Ukiisoma kutoka kushoto kuna A, ukiisoma kutoka kulia kuna A. Hata ukiigeuza kwenye kioo herufi zinakaa pale pale.

"Zamani walikuwa wakifanya hivi makusudi," akasema Mwandiko. "Herufi na kivuli chake. Nilikuwa siipendi. Naona ina kelele."

"Na sasa?"

"Sasa sina la kuchagua, na wewe huna. Lakini hatuongezi hata mstari mmoja kabla ya kumwambia mwenyewe. Ni wa baba yake."

Hapo ndipo nilipoogopa. Kuchonga sikuogopa. Niliogopa uso wa yule binti. Niliwaza, aibu naikiri, kwamba tungeweza kuchonga kwanza na kumpa kama zawadi, tukasema mwalimu alipata wazo bora zaidi. Nilipomtazama Mwandiko nikajua hata nisijaribu kulitamka. Watoto wa darasa la kwanza elfu moja na zaidi wamewahi kusimama mbele ya macho yale na kusema ni nani aliyemwaga wino.

Nikampigia binti simu. Alikuja saa sita, na sare yake ya kazi, mchumba wake nyuma yake akipumua. Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yakanipotea. Mwandiko ndiye aliyeanza.

"Mwanangu, tumekosea. Karatasi yangu ilikuwa na penseli pande mbili, ikalala vibaya, na herufi zimebadilishana nafasi. Yako iko nyuma. Muhuri huu hauwezi kuchongwa upya."

Binti akaichukua ile lakiri ya kwanza, akaishika kiganjani. Midomo yake ikakazana. Nilimwona anahesabu pumzi kama wakunga wanavyowafundisha wajawazito wafanye.

"Niliomba kitu kimoja tu," akasema.

"Ndiyo," nikasema. "Na mimi ndiye niliyekata alama ya mwalimu, kwa hasira zangu. Nisamehe, binti. Sina la kujitetea."

Mchumba wake akamwekea mkono begani. Nje mtu alikuwa akipiga misumari kwenye bati kwa namna ya kutesa. Kisha Mwandiko akaweka mchoro mpya mezani, akaeleza kwa utulivu, mstari kwa mstari: zipi zimeshachongwa na ziko juu, zipi zitaongezwa na zitapita chini, na kwamba akikataa, tutauacha muhuri ulivyo wala hatutamsumbua kwa maneno. Hakuusifia mchoro. Hakumbembeleza.

Binti akainama juu ya karatasi. Akafuata A ya kushoto kwa kidole, ile mpya. Kisha akafuata A ya kulia. Akarudia. Nilifikiri anatafuta kasoro.

"Ziko A mbili," akasema.

"Ziko mbili," akasema Mwandiko. "Ndiyo namna pekee."

"Baba yangu naye alikuwa A." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nilikuwa nataka kuwaomba mumweke. Nikaona uso wenyewe mdogo, herufi tatu zitabanana, nikanyamaza. Nikasema nikitangulia mimi basi nitakuwa nimeshika nafasi yake, kwa kuwa jina hili ndiye aliyenipa." Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. "Hii ya kushoto ni yangu. Hii ya kulia, uliyoikosea, fundi, ndiyo ya baba. Na iko juu."

Sijui kama umewahi kuchonga kitu vibaya na mtu akakuambia ndicho alichokuwa akikitaka bila kuthubutu kukiomba. Mimi nilikuwa sijawahi. Nikatikisa kichwa kama mjusi.

Bwana harusi alikuwa ameinama naye anachunguza. "Ngoja," akasema. "Kwa hiyo huku kulia mkwe amenikalia."

"Amekukalia," nikasema.

"Na M ya pili ni ya nani?"

"Yako vilevile," akasema Mwandiko. "Wewe moja haikutoshi."

Tulicheka wote, binti kuliko wote, kicheko chenye machozi ndani yake, na akasema chongeni, chongeni sasa hivi, mimi nakaa hapa. Akampigia mwenzake wa zamu amshikie nafasi kwa muda wa saa mbili.

Nilichonga mbele yao. Patasi nyembamba kuliko zote niliyonayo, muhuri umebanwa kwenye jiliwa, lenzi jichoni. Lakini kabla ya hapo Mwandiko alikishusha kioo cha kunyolea, tukautazama mchoro wote wawili, ingawa kwa mchoro ule kioo hakikuwa na la kutuambia. Kila nilipofika kwenye mstari wa zamani nilisimama, nikaacha unywele, nikaruka. Mwandiko alikaa kushoto kwangu, na kila niliporuka nilisikia akipumua. Kuna mara moja patasi iliteleza kidogo mno, na yeye akaona, akasema tu, "Endelea, haionekani," na haikuonekana.

Binti ndiye aliyegandamiza lakiri ya kwanza. Nilimwonyesha asisukume, auache uzito wa muhuri wenyewe ufanye kazi, ahesabu hadi kumi na tano, anyanyue wima. Akanyanyua. Michirizi yote ilikuwa imetoka, matundu ya A zote mbili yako wazi, na mistari mipya ilipita chini ya ile ya zamani, ikatokeza ng'ambo. Mwandiko akarudi nyuma hatua sita, akafinya macho. Akaitikia kwa kichwa.

Binti aliufunga muhuri kwenye kitambaa, akampa Mwandiko mikono yote miwili, kisha akanipa mimi. "Mungu awabariki," akasema. "Leo ni kama nimemwona akipiga muhuri." Wakaondoka na mchoro kwenda kwa mchapaji, na kutoka dirishani nilimwona yule mnene akimfungulia njia barabarani kwa tumbo.

Mwandiko akaanza kufagia vumbi la shaba kwenye meza yangu, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, na nikajua kwamba mikono yake ilikuwa inatafuta kazi.

"Shemeji," nikasema. "Nilisema neno baya juzi."

"Ulisema."

"Wewe ni mwalimu. Utakuwa mwalimu mpaka kaburini na huko utawasahihisha waandishi wa malaika."

"Wakiwa na kitambi kwenye S, lazima."

Nilitaka kunyamaza hapo, kwa kuwa tulikuwa tumeshacheka, na mimi ni mtu ambaye kicheko kikipatikana hukimbilia humo. Lakini nilikuwa nimemwangalia binti mchanga kuliko wanangu akisema wazi kilichokuwa moyoni mwake, na niliona aibu kushindwa naye.

"Ulipomwambia binti, ulisema tumekosea," nikasema. "Mkasi ulikuwa mkononi mwangu, shemeji. Wewe hukuwepo hata. Ukasema tumekosea."

Akaendelea kufagia.

"Asante kwa hilo," nikasema. "Na kwa miaka yote tisa. Sijawahi kukuambia."

Akasimama na ufagio. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakuyaficha.

"Nilipostaafu," akasema, "kila asubuhi nilikuwa naamka saa kumi na moja, navaa, nakaa kitandani. Sina pa kwenda. Ile siku ya bakuli nilitafuta kosa lolote ukutani kwako ili nipate sababu ya kurudi." Akavuta pumzi. "Namshukuru Mungu ile S ilikuwa mbaya."